UZI: Nimepima udongo wa majaruba Mbarali, kipimo kinasema hakuna chumvi lakini mpunga unakufa. Nimekosea wapi?

Mwanachuo_Usangu

Wakuu habari za jioni. Nina kazi ya usimamizi wa ardhi: nichague sehemu moja iliyoharibika, nieleze imeharibikaje na mkulima afanye nini. Wenzangu wengi wamekimbilia makorongo ya mlimani. Mimi nimechukua shamba la mjomba kwenye skimu moja ya mpunga huku Mbarali. Ni ekari mbili, liko mwisho kabisa wa mfereji. Mjomba anasema zamani alikuwa anatoa magunia ishirini kwa ekari bila wasiwasi. Mwaka huu upande wa chini hakufikisha hata manne.

Kuna madoa mawili yasiyofanana. La kwanza liko ubavuni mwa mfereji. Udongo ukikauka unatoka unga mweupe kama sembe, nikaonja, chumvi tupu. La pili liko kule chini, halina unga wowote. Lenyewe ni jeusi, linang'aa kama limepakwa mafuta, likikauka jembe linaruka, likilowa unateleza. Maji yakiingia yanasimama juu hata wiki, udongo hauyanywi.

Nilichukua udongo hadi sentimita 20, nikapima gramu 20, nikachanganya na mililita 100 za maji ya mvua, nikatikisa, nikachovya kipimo cha EC, kile kinachosoma chumvi kwa dS/m. Doa jeupe 0.6, doa jeusi 0.15. pH doa jeupe 7.9, doa jeusi 9.3. Maji nayo nilipima: kwenye banio 0.12, yanayoingia kwa mjomba 0.7.

Kitabu kinasema udongo una chumvi kuanzia 4. Kwa hiyo nikaandika kwamba hakuna tatizo la chumvi, mkulima aongeze mbolea. Mwalimu kachora alama ya kuuliza nyekundu kubwa kama mundu. Nisaidieni.

Jembe_Halilali

Dogo, jibu liko wazi. Ni hizi mbolea za chumvichumvi. Jina lenyewe linasema. Wazee wetu walilima na samadi, nani alisikia shamba limeota chumvi? Andika mjomba aache urea, utapata alama zote.

Fundi_Udongo

Mwanachuo, umepima vizuri, umesoma vibaya. Ile 4 ya kitabuni ni ya maji yanayokamuliwa kutoka kwenye udongo uliolowanishwa ukawa kama uji mzito. Wewe umeweka sehemu moja ya udongo kwa sehemu tano za maji, yaani umeizimua chumvi. Ni kama kuonja mchuzi baada ya kumimina ndoo ya maji halafu useme mpishi hakutia chumvi.

Ili ulinganishe na kitabu lazima uzidishe, na kizidisho kinategemea udongo. Tifutifu yenye mchanga mwingi unazidisha kwa kama 14, tifutifu 10, tifutifu yenye mfinyanzi mwingi 9, mfinyanzi mzito 6. Ukiuviringisha ule wa doa jeupe unatoa utepe wa urefu gani kabla haujakatika?

Mwanachuo_Usangu

Utepe kama sentimita 4 au 5 hivi.

Fundi_Udongo

Basi tumia 9. 0.6 mara 9 ni 5.4. Umeshavuka 4. Hayo ni makadirio, siyo kipimo cha maabara, lakini yanatosha kuonyesha kwa nini mwalimu kaweka alama ya kuuliza.

Sasa 5.4 ina maana gani kwa mpunga? Mpunga huanza kupungua mavuno ikivuka 3, na kila nambari moja inayoongezeka hapo unapoteza kama asilimia 12. Kwa hiyo 2.4 mara 12, karibu asilimia 29. Mahindi huanza kuumia kwenye 1.7, kwa udongo huo huo yangepoteza kama 44. Kitunguu huanza kwenye 1.2 na huporomoka asilimia 16 kwa kila nambari, kwa hiyo theluthi mbili zimekwenda. Mjomba akikuambia anataka kuhamia vitunguu kwa sababu mpunga umemchosha, mzuie.

Na kumbuka umechanganya sentimita 20 nzima. Ule unga wa juu peke yake una chumvi mara nyingi zaidi, na hapo ndipo mche mchanga unapoweka mizizi. Mpunga ukishakua unavumilia. Unaumia zaidi ukiwa mche na wakati wa kuchanua.

Jembe_Halilali, kuhusu mbolea tupige hesabu. Maji ya EC 1 yana kama gramu 640 za chumvi kwa kila mita ya ujazo. Mpunga ukitumia maji ya kina cha mita moja kwa msimu, ekari moja imepokea mita za ujazo kama 4,000. Kwa maji ya banio, 0.12, hizo ni kilo 300 hivi za chumvi. Kwa maji yanayomfikia mjomba, 0.7, ni karibu tani 1.8 kwa ekari, kila msimu. Mifuko miwili ya urea ni kilo 100, na urea hailazi chumvi udongoni hivyo. Anayeleta chumvi ni maji.

Jembe_Halilali

Sawa, ila mbona maji ni ya mto ule ule? Kwa nini yawe matamu banioni na machungu kwa mjomba?

Mama_Majaruba

Naomba nijibu mimi ninayelima mwisho wa mfereji miaka kumi na mbili. Mto ni mmoja, maji si yale yale. Wa juu anafungulia, anachavanga, anapandikiza, akichoka anafungua tuta yanashuka kwa wa kati. Wa kati naye hivyo hivyo. Sisi wa mwisho tunapokea ambayo yameshaosha mashamba ya watu thelathini na nusu yake yamekaushwa na jua. Jua linakunywa maji, chumvi linatuachia.

Hilo doa jeusi nalijua. Kwetu tunaita udongo wa magadi. Mpunga ukipandikizwa unashika vizuri, wiki ya tatu majani yanaota madoa ya kutu, unadumaa. Nilimwaga urea nikachoka. Bwana shamba mmoja alinishauri nitumie SA badala ya urea na niweke zinki kidogo, majani yakarudi kijani. Lakini udongo ulibaki ule ule wa kuteleza.

Chokaa_Ndiyo_Mpango

Mnazunguka sana. Wekeni chokaa. Mimi niko Rungwe, shamba la mahindi lilikuwa limechoka, pH 4.8, nikaweka chokaa tani moja kwa ekari, msimu wa pili mahindi yakanizidi kimo. Udongo mbovu dawa yake chokaa.

Fundi_Udongo

Kwako Rungwe ulifanya sawasawa. Huko mvua inaosha udongo mpaka unakuwa mchachu, chokaa inaondoa uchachu. Doa jeusi la mjomba lina pH 9.3. Ukilipa chokaa unampa mgonjwa wa shinikizo la damu kikombe cha chumvi. Tena kwenye pH hiyo chokaa haiyeyuki, itakaa pale kama kokoto.

Nusu uko sahihi, kinachotakiwa ni kalsiamu. Lakini iletwe na jasi, ambayo inayeyuka bila kupandisha pH. Chokaa na jasi zote nyeupe, ukiziona kwenye kiroba unaweza kudhani ni ndugu. Kazi zao mbalimbali.

Mwanachuo, kabla hatujafika mbali fanya mambo matatu. Moja, chukua vibonge vikavu kutoka madoa yote mawili, kila kimoja ukubwa wa punje ya harage, uvitie taratibu kwenye glasi mbili za maji ya mvua. Usitikise. Angalia baada ya saa mbili na kesho yake. Mbili, dondoshea siki au limau kwenye udongo wa doa jeusi uone kama unatoa povu. Tatu, chimba shimo la mita moja katikati ya shamba, liache lilale, asubuhi upime maji yamepanda hadi wapi. Na niambie mfereji wa kutoa maji uko wapi na una kina gani.

Viazi_Uporoto

Samahani kuingilia. Mimi nalima viazi mviringo mteremko wa Uporoto, upande unaotazama Usangu. Mvua ya mwezi wa tatu imepita na nusu ya matuta yangu. Matuta nimeyashusha moja kwa moja na mlima, kama majirani wote. Nayo hiyo ni chumvi?

Mama_Majaruba

Hapana mwanangu, hiyo ni mmomonyoko. Chumvi ni yetu huku chini. Lakini udongo wako unaokimbia ndio tunaouzoa kwenye mifereji yetu.

Viazi_Uporoto

Wa kwangu mimi?

Mwanachuo_Usangu

Nimerudi, wakuu. Ilichukua siku tatu.

Glasi: kibonge cha doa jeupe kilibomoka kikawa rundo, maji yakabaki safi, unaona mpaka chini. Cha doa jeusi kilianza kutoa kama moshi pembeni baada ya nusu saa, kesho yake glasi nzima ilikuwa kama chai ya maziwa. Mpaka leo haijatulia.

Limau: doa jeusi lilitoa povu dogo, lakini lilitoa.

Shimo: asubuhi maji yalikuwa sentimita 60 kutoka juu.

Mfereji wa kutoa maji upo, unapita mpakani mwa shamba. Mjomba anasema ulipochimbwa ulikuwa unamfika kiunoni. Leo unanifika kifundo cha mguu. Nilichoma fimbo kwenye tope ikazama sentimita 70. Nikakata ukuta wa tope kwa panga, umepangwa tabaka tabaka kama chapati, mchanga, tope jekundu, mchanga, tope jekundu. Udongo wa kwetu hapa ni wa kijivu. Huo mwekundu umetoka wapi?

Fundi_Udongo

Hapo umepata kazi yako yote. Hilo tope jekundu ni la mlimani. Limeshuka na mto, limepita banioni, limejaza mfereji wa kuingiza, watu wakauzoa kila mwaka kwa sababu bila huo hawapati maji. Wa kutoa maji hakuna aliyeuzoa, maana hauna mwenyewe. Ukajaa, maji ya chini yakakosa pa kwenda, yakapanda mpaka sentimita 60. Kwa udongo wa namna hiyo, maji yakiwa karibu hivyo yanapanda yenyewe kama mafuta kwenye utambi, jua linayachukua, unga mweupe unabaki. Unatakiwa uyashushe, ikiwezekana mita moja na nusu. Na doa jeupe liko ubavuni mwa mfereji kwa sababu mfereji ni wa udongo, unavuja.

Sasa madoa yako ni magonjwa mawili. Doa jeupe lina chumvi ya kawaida, udongo wenyewe haujavunjika, ndiyo maana glasi imebaki safi. Hilo linaoshwa kwa maji. Doa jeusi chumvi yake ni ndogo, 0.15 tu, lakini sodiamu imeshika chembe za udongo zikaachana, zinaziba vitundu vyote. Ukiliosha kwa maji matupu unalizidishia.

Fuateni mpangilio huu. Kwanza zoeni mfereji wa kutoa maji urudi kiunoni. Bila hapo msinunue chochote. Maji ya shimoni yakishashuka, tuamisheni maji ya msimu wa mvua kwenye doa jeupe, yale ya wakati mto umejaa maana ndiyo matamu zaidi, yazame yaende mtaroni. Kadiri ya sentimita 30 za maji zikipita kwenye sentimita 30 za udongo huondoa sehemu kubwa ya chumvi, robo tatu hivi. Halafu pima tena.

Mwanachuo_Usangu

Na doa jeusi? Nilipeleka udongo wake maabara, majibu yamerudi leo. CEC, yaani nafasi za udongo za kushika kalsiamu, sodiamu na wenzake, ni 24, na sodiamu imeshika asilimia 25 ya hizo. Doa lenyewe ni kama robo ekari.

Fundi_Udongo

Asilimia 25 ya 24 ni 6. Tunataka ishuke asilimia 10, yaani 2.4. Kwa hiyo tunaondoa 3.6. Kila moja ya hizo, kwa kina cha sentimita 20, inahitaji jasi safi kama tani 0.9 kwa ekari. Jumla tani 3.2 na kitu kwa ekari, kwa robo ekari ni kilo 800 hivi. Mifuko kumi na sita ya kilo 50. Jasi inayochimbwa haiwi safi yote, ikiwa asilimia 80 weka mifuko ishirini. Imwagwe ikiwa imesagwa, ichanganywe kwa jembe sentimita 10 za juu, ndipo maji yaingie. Ile sodiamu ikishang'olewa lazima ipate pa kutokea, tunarudi kwenye mtaro ule ule.

Utajua imefanya kazi kwa glasi. Maji yakianza kubaki safi, umefika.

Mama_Majaruba

Mifuko ishirini! Na jasi yenyewe inatoka Makanya au Itigi, ifike Mbarali. Baba wa watu atauza ng'ombe kwa ajili ya robo ekari?

Mimi nitasema nilichofanya. Sikuweza jasi. Nilimwaga samadi, mikokoteni sita, nikaacha mabua yote shambani badala ya kuchoma, nikawa nalima mpunga tu hapo, sikaushi kabisa mpaka karibu na kuvuna. Mwaka wa kwanza hamna kitu. Wa tatu maji yakaanza kunywewa. Leo nina magunia tisa kwa ekari pale palipokuwa na mawili.

Fundi_Udongo

Mama, kwenye udongo uliotoa povu kwa limau hiyo inafanya kazi, na sababu ipo. Povu linaonyesha kuna chokaa ya asili ndani yake. Mizizi ya mpunga na samadi inayooza vinatoa hewa ukaa, hiyo inaiyeyusha chokaa kidogo kidogo, kalsiamu inatoka humo humo shambani bila kununuliwa. Inakwenda polepole, miaka mitatu hata mitano, na isingetoa povu ningekushauri usipoteze muda. Nilitaka kumwambia aanze na jasi, lakini kwa mfuko wa mjomba hii yako ina akili zaidi. Labda mifuko mitano ya jasi katikati ya doa kwa majaribio, sehemu iliyobaki iwekwe samadi.

Ila msimwambie asikaushe kabisa wakati maji ya shimoni bado yako 60. Mtaro kwanza.

Viazi_Uporoto

Bado nasubiri. Mmesema tope langu linajaza mitaro ya watu. Nifanye nini? Na msiniambie nigeuze matuta, nilishajaribu. Mwaka juzi nilikata matuta yakatize mlima, maji yakajaa, viazi vikaoza, na tuta moja lilipopasuka yote ya chini yakafuata. Hasara kuliko ya kushuka.

Fundi_Udongo

Nakuamini, na watu wengi huko wameacha kwa sababu hiyo hiyo. Ulikata kwa macho?

Viazi_Uporoto

Kwa macho, ndiyo. Nina macho mazuri.

Fundi_Udongo

Macho yanadanganya mlimani. Tuta likiinama kidogo katikati, maji yote yanakusanyika hapo, yanapasua. Tengeneza kipimo cha herufi A: miti miwili ya mita mbili, mmoja mfupi wa kukatiza, kamba na jiwe. Pima mistari ya usawa kwanza, weka vigingi, kata matuta ukifuata vigingi. Na kwa viazi usiyalaze usawa kabisa. Yape mwelekeo kidogo, yashuke sentimita 50 hadi 100 kwa kila mita 100, yaongoze maji ya ziada kwenye mkondo uliooteshwa nyasi pembeni. Hayo ndiyo uliyokosa. Viazi havitaki maji yatuame, kwa hiyo yatoke, ila yatoke yakitembea.

Mteremko wako ukoje?

Viazi_Uporoto

Mita kumi kwenda mbele unashuka mbili hivi.

Fundi_Udongo

Asilimia 20. Basi matuta peke yake hayatoshi, unahitaji fanya juu. Unachimba mtaro, udongo unaurusha upande wa juu, juu ya tuta unapanda majani ya tembo au vetiva. Kwa mteremko huo ziachane kama mita kumi na nusu. Ng'ombe wanakula majani, tuta linashikwa, baada ya misimu kadhaa kila kipande kinalala chenyewe. Lakini pale udongo ulipo mwembamba, mwamba uko karibu, usichimbe. Panda mistari ya majani tu.

Ngoro_Mbinga

Wamatengo kwetu wanalima ngoro, mashimo ya mraba kama mita moja na nusu, nyasi zimefukiwa chini ya kingo, mahindi na maharage vinapokezana. Milima ya huko inakuzidi ukali na udongo haukimbii.

Viazi_Uporoto

Ngoro na viazi? Nitavunaje, nikiwa na vibarua wanaolipwa kwa kiroba? Na shamba ni la kukodi, kaka. Mwaka mmoja mmoja. Nikipanda majani ya tembo leo, mwakani mwenye shamba anamkodisha mwingine kwa bei ya juu kwa sababu limependeza.

Fundi_Udongo

Hilo sina jibu lake. Mistari ya vigingi na mwelekeo mdogo unaweza kuufanya ndani ya msimu huo huo bila kumwachia mtu kitu. Fanya juu kwenye shamba la kukodi mwaka mmoja, hata mimi ningesita.

Jembe_Halilali

Kwa hiyo yule wa viazi hawezi kuzuia tope kwa sababu shamba si lake, na mtaro wa Mbarali hauzolewi kwa sababu si wa mtu. Na mbolea nimeambiwa haina kosa. Nimekubali.

Mwanachuo_Usangu

Nimeandika upya. Kurasa za mwanzo zimekuwa za mtaro badala ya mbolea. Picha ya tope la tabaka nimeiweka ukurasa wa kwanza.

Kuna jambo limetokea. Jumamosi mjomba alikwenda na vijana wanne kuzoa mtaro. Walipofika mita arobaini, jirani wa chini akaja na panga. Anasema mtaro ukifunguka, maji yote ya chumvi ya mjomba yanaingia kwake, na hayo ndiyo anayomwagilia bustani yake ya nyanya. Nilimpimia maji ya mtaro mbele yake: 2.1.

Mama_Majaruba

Ana haki huyo. Nyanya kwa maji ya 2.1 atalia. Mtaro unatakiwa ufike mtoni au kwenye mbuga, usiishie kwa mtu.

Mwanachuo_Usangu

Kutoka kwake mpaka mtoni ni mita 600, na zinapita mashamba ya watu saba. Umoja wa wamwagiliaji wameitisha kikao Alhamisi. Kazi natakiwa kuikusanya Jumatano.

Fundi_Udongo

Ikusanye na ramani ya hizo mita 600, kila shamba na mwenye nalo kwa herufi tu. Na Alhamisi nenda na kile kipimo chako, pima maji kwa kila mmoja wa hao saba kabla kikao hakijaanza.